Uzoefu wangu na Yankee: mechi moja ikitiki, unarudishiwa nini?

Jibu kwanza: hurudishiwi kitu. Naliweka juu kabisa kwa sababu huku Kigoma, kwenye vibanda vya kubeti vya Mwanga, nimesikia mara nyingi mteja akiambiwa, "Kaka, weka sistimu, hata moja ikitiki hutoki mikono mitupu." Kwa Yankee hiyo si kweli, na mtu anayeambiwa hivyo anatoa pesa yake kwa ahadi ambayo mkeka wenyewe hauna.

Yankee ni mechi nne zilizofumwa kuwa mikeka 11 inayojitegemea. Ukizipa mechi zako majina A, B, C na D, jozi zinazopatikana ni AB, AC, AD, BC, BD na CD, yaani 6. Kisha kuna mikeka minne ya mechi tatu tatu, ambayo ni ABC, ABD, ACD na BCD, halafu mmoja wa zote nne. Mkeka wa mechi moja pekee yake haumo, na hapo ndipo penye kiini cha habari. Mkeka mdogo kuliko yote humo ndani una mechi mbili, kwa hiyo ikishinda A peke yake, kila mkeka wenye A una mwenzake aliyechanika. Yote 11 inakwenda.

Nimeupitia huu mfano kwa dau la shilingi 500 kwa kila mkeka, yaani 5,500 jumla. Odi ni 1.80 kwa A, 2.10 kwa B, 2.50 kwa C na 3.00 kwa D. Ni odi za kawaida, za mtu ambaye hajajilipua.

Zikitiki zote nne unapata shilingi 55,560. Hiyo ndiyo namba ambayo simu inakuonyesha kwa herufi nene kabla hujabonyeza. Zikitiki A, B na C, unalipwa jozi tatu na mkeka mmoja wa mechi tatu: 3.78, 4.50, 5.25 na 9.45. Jumla 22.98, mara 500 ni 11,490. Hapo umetoka na faida nzuri, na ndipo Yankee inapoonyesha uzuri wake, maana kombi ya kawaida ya mechi nne ingekuwa imeshachanika.

Sasa shuka hadi mechi mbili. Ukipata zile bora kabisa, C na D, unalipwa jozi moja tu: 2.50 mara 3.00 ni 7.50, mara 500 ni 3,750. Ulitoa 5,500. Ukipata A na B ni 1,890. Kwa maneno mengine, kwenye mkeka huu hakuna jozi hata moja kati ya zile sita inayorudisha dau. Wengi huona salio la simu limeongezeka wakadhani wameshinda, kumbe wamepungukiwa.

Kipimo chake ni rahisi na hakihitaji kikokotoo kikubwa. Mikeka ni 11, kwa hiyo odi za mechi mbili zilizotiki zikizidishwa lazima zifike 11 ndipo pesa yako irudi. Kama odi zote zinalingana, kila moja iwe karibu 3.32. Chini ya hapo, mechi mbili ni hasara, na unahitaji tatu.

Anayetaka kweli kupata kitu kwa mechi moja aangalie Lucky 15. Ni Yankee ileile ikiongezwa mikeka minne ya mechi moja moja, hivyo jumla 15. Kwa 500 kila mmoja unatoa 7,500. Kwa odi zetu, ikitiki A peke yake unarudishiwa 900, ikitiki D peke yake unarudishiwa 1,500. Kiwango cha chini kabisa kwa mshindi mmoja, basi, ni odi ndogo kuliko zote mara dau la mkeka mmoja. Kipo, lakini ni kidogo: ili mechi moja irudishe dau lote la Lucky 15, odi yake iwe 15.00. Kuna kampuni zinazoongeza bonasi kwa mshindi mmoja wa Lucky 15, kwa mfano kulipa odi mara mbili, ila hayo ni masharti ya kampuni husika na huandikwa, yasipoandikwa, usiyahesabu.

Kwa mechi tatu mambo ni yaleyale kwa udogo. Trixie ina mikeka 4 na mshindi mmoja hapati kitu. Patent ina 7, na mshindi mmoja analipwa odi yake.

Jambo linalowachanganya watu dirishani ni dau. Kuna mifumo inayouliza dau la kila mkeka, na mingine inauliza dau la jumla kisha yenyewe inagawa. Ukiandika 1,000 kwenye mfumo wa kwanza, unakatwa 11,000. Ukiiandika kwenye wa pili, kila mkeka unapata kama shilingi 90, na malipo yote yanashuka kwa kiasi hichohicho. Kabla ya kulipa, tafuta kwenye mkeka sehemu inayotaja idadi ya mikeka, kisha gawa jumla kwa namba hiyo. Ukiona 6 badala ya 11, umewekewa jozi tupu, ile inayoandikwa 2/4. Pale ambapo neno Yankee halipo kwenye simu, inabidi uchague 2/4, 3/4 na 4/4 kwa pamoja ndipo zitimie 11. Nimeona risiti yenye 2/4 peke yake ikiuzwa kama Yankee, na mechi tatu zilipotiki mwenyewe alikosa ule mkeka wa mechi tatu ambao kwa mfano wetu ni 9.45.

Kuna hali moja tu ambapo Yankee inalipa kwa mshindi mmoja, nayo ni mechi nyingine kuahirishwa na kufutwa. Kwa kanuni za kawaida, mechi iliyofutwa inahesabiwa kwa odi 1.00. Tuseme B imefutwa, A na C zimechanika, D imetiki. Jozi BD inakuwa 1.00 mara 3.00, unalipwa 1,500 kati ya 5,500. Mikeka yako 11 imegeuka kuwa mitatu ya mechi moja moja, jozi 6 na miwili ya mechi tatu. Mtu akikuambia aliwahi kulipwa Yankee kwa mechi moja, huenda ni hivi ilivyokuwa.

Hukumu yangu: Yankee ni bidhaa ya mtu anayetarajia tatu kati ya nne. Chukua mechi nne zenye nafasi sawa ya kushinda na kushindwa, zenye odi 2.00 kila moja. Matokeo yanaweza kutoka kwa namna 16. Namna 5 hazirudishi kitu, 6 zinarudisha dau 4 kati ya 11, na 5 tu ndizo zenye faida. Hesabu hizi zote ni kabla ya kodi ya zuio kwenye ushindi, ambayo utaikuta kwenye risiti ya malipo.