Miezi saba na PIN kabla ya Windows: uzoefu wangu wa kuilinda laptopu hotelini

Mimi ni mkaguzi wa hesabu, na karibu nusu ya mwezi nalala hotelini mikoani huku laptopu ikibaki chumbani nikiwa kwenye chakula. Jioni moja nilirudi nikaikuta imegeuzwa upande mwingine wa meza. Huenda ilisogezwa tu wakati wa kufuta vumbi. Lakini sikuwa na njia ya kujua, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi, kwa sababu ndani yake mlikuwa na mishahara ya watu wa taasisi tatu.

Shambulio la aina hii huitwa la mhudumu mwovu, ingawa anayelifanya anaweza kuwa yeyote mwenye dakika chache na mashine yako. Mwaka 2009 mtafiti wa Poland, Joanna Rutkowska, alionyesha jinsi linavyofanyika dhidi ya TrueCrypt, programu ya kuficha data za diski zisisomeke bila nywila. Unawasha laptopu kwa flashi, unabadilisha kile kipande kidogo cha diski kisichofichwa ambacho huuliza nywila, kisha unaondoka. Mwenyewe akirudi na kuandika nywila yake, kipande hicho kinaihifadhi. Ukija mara ya pili, unaichukua.

Nilidhani niko salama kwa kuwa BitLocker, kinga ya Windows inayoficha data za diski, ilikuwa imewashwa. Fundi wa ofisini kwetu aliniuliza swali moja: "Ukiiwasha, inakuuliza nini kabla ya Windows?" Haikuniuliza kitu. Maana yake TPM, chipu inayotunza ufunguo wa diski, ilikuwa inautoa yenyewe kwa yeyote aliyebonyeza kitufe cha kuwashia. Kwenye laptopu ambazo TPM ni chipu iliyosimama peke yake, watafiti wamekwisha kuusoma ufunguo huo kwenye nyaya za bodi kwa vifaa vya bei ndogo. PIN inaziba tundu hilo, kwa kuwa chipu haitoi ufunguo mpaka uiandike.

Nina Windows 11 Pro. Ndani ya `gpedit.msc` nilifungua "Require additional authentication at startup", nikachagua PIN iwe ya lazima pamoja na TPM. Kisha, kwenye dirisha la amri lililofunguliwa kama msimamizi:

```
manage-bde -protectors -add C: -TPMAndPIN
manage-bde -protectors -get C:
```

Amri ya pili usiiruke. Kwenye orodha inayotoka unatakiwa uone "TPM And PIN" na "Numerical Password", ambao ni ufunguo wa urejeshaji. Ukiona bado kuna "TPM" iliyosimama peke yake, mlango wa zamani bado uko wazi. Nilitumia tarakimu tu, nane, kwa kuwa herufi zinaweza kukusumbua kama kibodi yako ina mpangilio tofauti na ule unaotumika kabla ya Windows kuwaka.

PIN peke yake haitoshi, maana ukurasa unaoiuliza unaweza kughushiwa. Hapo ndipo Secure Boot inapoingia: hukagua saini ya programu ya kuwashia kabla ya kuiruhusu. Na ili mtu asiingie BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, akaizima, niliweka nywila ya msimamizi wa BIOS na kuzuia kuwasha kwa flashi. Kila kimoja kinamlinda mwenzake.

Nilijaribu mwenyewe. Niliizima Secure Boot makusudi, nikawasha. Windows haikuwaka, ulikuja ukurasa wa bluu ukidai ufunguo wa urejeshaji wenye tarakimu 48. Nikairudisha Secure Boot, na swali la PIN likarudi kama kawaida. Kwa hiyo siku nitakayokutana na ukurasa huo hotelini bila mimi kugusa kitu, sitaandika chochote. Nitaizima na kuipeleka kwa fundi.

Ukurasa huohuo unaweza kuja kwa sababu halali, hasa ukisasisha BIOS. Mwezi wa tatu ukurasa huo ulinikuta safarini na ufunguo uko nyumbani, nikapoteza siku nzima ya kazi. Sasa kabla ya kusasisha naisimamisha kinga kwa muda wa kuwasha mara moja tu:

```
manage-bde -protectors -disable C: -RebootCount 1
```

Nywila ya BIOS nayo ina ukali wake. Kwenye laptopu nyingi za kiofisi, ukiisahau, dawa ni kubadilisha bodi nzima. Yangu iko kwenye karatasi kwa dada yangu, pamoja na zile tarakimu 48.

Kuna visivyozuilika kwa mpango huu. Anayefungua kifuniko cha chini na kuweka kinasa vitufe kwenye waya wa kibodi ataipata PIN. Kwa hiyo nimepaka rangi ya kucha yenye vimetameta juu ya skrubu mbili na kuzipiga picha. Vimetameta havirudi mahali pake vikivurugwa. Na PIN haiulizwi mashine ikiwa imelala tu, kwa maana ufunguo bado uko kwenye kumbukumbu. Kabla ya kushuka kula, naizima kabisa na kusubiri taa yake izimike.