Kolchisini au alopurinoli jongo linapowaka?

Kidole gumba cha mguu kimevimba usiku, hata shuka halivumiliki. Hapo kinachofaa ni kolchisini: hupunguza seli nyeupe zinazozivamia fuwele za asidi ya yuriki. Kiwango cha yuriki yenyewe hakibadiliki.

Alopurinoli hufanya kazi mbali na kidole. Purini, kemikali zilizomo katika seli za mwili na katika chakula, huvunjwa kuwa haipozanthini, kisha zanthini, kisha asidi ya yuriki. Hatua hizi mbili huendeshwa na kimeng'enya kimoja, nacho ndicho dawa hii hukizuia. Maumivu haiyatulizi kabisa. Tena yuriki ikishuka ghafla, fuwele za zamani humeguka ndani ya kiungo na kuuchochea uvimbe upya. Ndiyo maana kwa kawaida husubiriwa wiki 2 hadi 4 baada ya uvimbe kutulia, kisha huanzwa kwa miligramu 100, kolchisini kidogo ikiendelea. Aliyekuwa akimeza alopurinoli tayari asiiache.