Uzoefu wangu wa kupima uwekaji upya wa nenosiri: mfumo mkali kwa mwenye akaunti, mpole kwa aliyekwisha kuingia

Mfumo wa kuingia tunaouendesha kwenye seva yetu tuliununua ukiwa umekamilika, nami nikapewa kazi ya kuupima kabla haujafunguliwa kwa watumiaji, hususan upande wa nenosiri lililosahaulika. Viungo vya zamani vya kuweka upya nenosiri unavidhibiti vizuri kuliko nilivyotarajia, lakini akaunti zilizofungwa na tokeni zilizokwisha kutolewa unazishughulikia ovyo, na kwa hali niliyoukuta nayo nisingeshauri mtu aupokee bila marekebisho.

Nianze na viungo. Niliomba kiungo cha kwanza, nikakiacha bila kukifungua, kisha nikaomba cha pili kwa akaunti ileile. Kiungo cha kwanza kilipaswa kufa papo hapo, na kweli kilikufa, ingawa muda wake wa dakika 30 ulikuwa haujaisha. Nilitumia cha pili kuweka nenosiri jipya, nikakibonyeza tena, nacho kikakataliwa. Jambo lililonipendeza zaidi ni kwamba kiungo kilichopitwa na muda, kilichokwisha kutumika na kile nilichokibuni mwenyewe kwa herufi za kubahatisha vyote vilijibiwa kwa maneno yaleyale, hivyo anayechokonoa kutoka nje hapati hata dokezo la kipi kiliwahi kuwa halali.

Kupima muda wa mwisho hakuhitaji kukaa na saa mkononi kila mara, kwani mtu anaweza kuurudisha nyuma muda huo kwenye hifadhidata ya majaribio:

```
UPDATE password_resets
SET expires_at = NOW() - INTERVAL '1 minute'
WHERE user_id = 204;
```

Hata hivyo, njia hii inathibitisha tu kwamba mfumo unausoma muda ulioandikwa. Haithibitishi kwamba uliuandika kwa usahihi. Ikiwa muda unahifadhiwa kwa saa za mahali seva ilipo, halafu ukalinganishwa na saa za UTC, kiungo cha dakika 30 kinaweza kuishi saa kadhaa za ziada, au kikazaliwa kikiwa kimekwisha kufa. Kwa sababu hiyo lazima angalau kiungo kimoja kiachwe kifikie mwisho wake kwa saa halisi. Hapa mfumo ulifaulu. Ulifaulu pia nilipofungua kiungo kimoja katika vichupo viwili na kutuma fomu zote mbili kwa pamoja: moja ilipita, nyingine ikakataliwa. Mifumo mingi hukwama hapo, kwa kuwa kwanza husoma kama kiungo hakijatumika na baadaye ndipo hukitia alama ya kutumika, na katika upenyo huo mdogo maombi mawili hupita bega kwa bega.

Kasoro ya kwanza niliigundua nilipotumia anwani ya barua pepe ya ofisi badala ya ile ya majaribio. Kila kiungo kilichofika kilisema kimekwisha kutumika, hata kilipofunguliwa mara ya kwanza. Kumbukumbu za seva zilieleza sababu: sekunde chache baada ya barua kutumwa, kulikuwa na ombi la `GET` kwenye kiungo kilekile kutoka anwani ya IP isiyo yangu. Lilikuwa la kichujio cha barua, ambacho hufungua viungo kukagua kama vina madhara kabla ya kumfikishia mpokeaji. Mfumo ulikuwa ukihesabu kiungo kuwa kimetumika pale kinapofunguliwa, ilhali inafaa kufungua kuonyeshe fomu tu, na kiungo kife pale nenosiri jipya linapopokelewa kwa `POST`. Mtu anayepima kwa anwani isiyo na kichujio hataiona kasoro hii kamwe, na malalamiko ya watumiaji atayachukulia kuwa ni uzembe wao wa kubonyeza mara mbili.

Akaunti iliyofungwa ndiyo iliyonikera zaidi. Mipangilio inasema kwamba baada ya nenosiri kukosewa mara 5 akaunti hufungwa kwa dakika 15. Niliifunga kwa makusudi, nikaomba kiungo, nikaweka nenosiri jipya, na skrini ikatangaza kwamba limebadilishwa. Nilipoingia kwa nenosiri hilo nikajibiwa kwamba jina au nenosiri si sahihi. Nilipotazama safu ya mtumiaji kwenye hifadhidata, nenosiri lilikuwa limebadilika kweli, lakini `failed_attempts` ilikuwa bado 5 na `locked_until` bado iko mbele. Mtumiaji wa kawaida hana dirisha la kuyaona hayo, kwa hiyo ataamini nenosiri halikubadilika na ataomba kiungo kingine. Baya zaidi, kila jaribio lake jipya lilisogeza mbele muda wa kufungwa, hivyo bidii yake yenyewe ndiyo iliyomzuia.

Kwa maoni yangu, aliyekamilisha kuweka nenosiri jipya kupitia barua pepe yake ametoa uthibitisho wa kutosha wa kufuta hesabu ya makosa na kuondoa kufuli la muda. Akaunti iliyosimamishwa na msimamizi ni suala jingine, na hiyo haipaswi kufunguka kwa njia ya barua. Nilijaribu hilo pia: barua haikutumwa, na skrini ilitoa ujumbe uleule unaotolewa kwa kila ombi, bila kufichua kama akaunti ipo au imesimamishwa. Hapo sina la kulaumu.

Zimebaki tokeni. Niliingia kwenye kivinjari kimoja, kisha nikabadilisha nenosiri kwenye kingine, nikijifanya mwenye akaunti aliyeshtuka kwamba ameibiwa. Tokeni ya kuingilia ya kivinjari cha kwanza ilibeba haya:

```
{ "sub": "u-204", "iat": 1767254400, "exp": 1767258000 }
```

Tofauti ya `iat` na `exp` ni sekunde 3600, yaani saa moja. Kwa kuwa seva inakagua sahihi ya tokeni na `exp` pekee bila kuuliza hifadhidata, nilitarajia tokeni hiyo iendelee kukubaliwa hadi saa hiyo iishe. Huo ni udhaifu wa muundo wenyewe unaojulikana, na hupunguzwa kwa kufupisha muda. Ambacho sikukitarajia ni tokeni ya kuhuisha, yenye maisha ya siku 30, kuendelea kufanya kazi:

```
curl -i -X POST https://jaribio.example/token \
  -d "grant_type=refresh_token" -d "refresh_token=$RT"
```

Jibu lililopaswa kurudi ni 400 lenye `invalid_grant`. Lilirudi 200 pamoja na tokeni mpya. Kwa maneno mengine, mwizi aliyekwisha kuingia angebaki ndani wiki kadhaa huku mwenye mali akidhani amebadilisha kitasa, na hakuna chochote kwenye skrini ya mwenye akaunti kinachoonyesha hivyo.

Waliotuuzia mfumo wamerekebisha mambo mawili. Kiungo sasa hufa kwa `POST`, na kubadilisha nenosiri kunafuta tokeni zote za kuhuisha za akaunti hiyo. Nilirudia amri ileile na `invalid_grant` ikarudi. Sisi tumeshusha `exp` hadi dakika 10. Kufuli la dakika 15 bado halijaguswa, nao wanashikilia kwamba ni hatua ya usalama iliyokusudiwa. Hadi watakapolibadilisha, tumeongeza sentensi kwenye skrini ya mafanikio inayomweleza kila mtumiaji kwamba, iwapo alikosea nenosiri mara nyingi kabla ya kulibadilisha, asubiri dakika 15 bila kujaribu tena.