Uzoefu wangu na CalculiX: nguzo nyembamba na modi yake ya kwanza

Kwa wanaochora mabanda ya mabati na vibaraza hapa Mombasa, CalculiX, programu ya kukokotoa jinsi miundo inavyobeba mzigo, inatosha kabisa kupima nguzo nyembamba. Ni ya bure, imeandikwa na Guido Dhondt na Klaus Wittig, na ukishaiweka kwenye kompyuta haihitaji intaneti. Ugumu wake ni kwamba kila kitu unakiandika kwenye faili la maandishi, na haikuulizi kama ulichoandika kina maana.

Nachukua bomba la mraba la 50 × 50 × 3 mm, urefu mita 3, limeegemezwa juu na chini bila kukazwa, yaani ncha zinaweza kuzunguka. Naligawa vipande 20 vya aina ya B32R, yaani vipande vya boriti, vyenye mkato wa BOX, yaani wa sanduku lenye uwazi ndani. Mienendo ina namba: 1 na 2 ni kwenda pembeni, 3 ni juu na chini. Ncha ya chini nafunga 1 hadi 3, ya juu 1 na 2. Kisha chini naongeza 6, mzunguko kwenye mhimili wa nguzo yenyewe. Ukiisahau hiyo 6, nguzo inabaki huru kujizungusha, na modi ya kwanza, yaani umbo la kwanza ambalo nguzo hutikisika nalo, itatoka karibu na 0 Hz. Hatua ya kwanza ni kutafuta mzigo unaoibenua nguzo. Ile 0 Hz si tabia ya nguzo, ni kifungo kilichokosekana.

```
*STEP
*BUCKLE
4
*CLOAD
JUU,3,-1000.
*NODE FILE
U
*END STEP
```

Naweka 1000 N makusudi, kwa sababu namba inayotoka kwenye faili la .dat ni kigezo cha kuzidisha mzigo uliouweka, kwa hiyo hapa inasomeka moja kwa moja kama kN. Hesabu ya Euler kwa mkono, ya mzigo unaobenua nguzo iliyonyooka, inatoa 48 kN. Programu ikipishana nayo kwa zaidi ya asilimia 2, natafuta kosa kabla ya kuendelea.

Modi ya 1 na ya 2 za kubenuka zitatoka na kigezo kimoja. Usishtuke: bomba la mraba halina upande dhaifu, linaweza kubenuka kokote, hata kimshazari. Zinazofuata zinakuja kwenye 192 kN, lakini chuma cha S275 chenyewe kinasalimu amri kwa takriban 155 kN, kwa hiyo hizo hazina kazi kwako. Na ukubwa wa mbenuko unaouona kwenye skrini si milimita halisi. Soma umbo tu: tao moja kutoka chini hadi juu, kilele katikati.

Halafu inakuja sehemu ninayoipenda zaidi, masafa ya mtikisiko wa nguzo ikiwa imebeba mzigo:

```
*STEP
*STATIC
*CLOAD
JUU,3,-20000.
*END STEP
*STEP,PERTURBATION
*FREQUENCY
4
*NODE FILE
U
*END STEP
```

Bila PERTURBATION, mzigo hauhesabiwi na utapata masafa ya nguzo tupu, 17.4 Hz. Ukiiweka, yanashuka hadi 13.3 Hz. Umbo ni lile lile la kubenuka, na ndiyo maana mraba wa masafa unapungua kwa mstari ulionyooka kadiri mzigo unavyoongezeka, mpaka unafika sifuri kwenye 48 kN. Endesha mizigo miwili mitatu, chora mstari, uone unakata wapi. Ukikata kwingine, faili zako mbili hazijafungwa ncha sawasawa.

Angalia pia uzito wa chuma kwa ujazo. Kwa milimita na nyutoni, andika 7.85e-9. Ukiandika 7850, masafa yanashuka mara milioni moja, na kubenuka kunabaki sahihi kwa sababu hakutumii uzito. Kosa hilo linajificha vizuri sana.

Kwa upepo wa chumvi wa hapa kwetu, jaribu kutu ikila nusu milimita nje pande zote. Uwezo wa Euler unashuka kutoka 48 hadi 38.7 kN, lakini masafa ya nguzo tupu yanabaki 17.2 Hz, kwa kuwa ukakamavu na uzito vimepungua pamoja. Chini ya kN 20 ndipo tofauti inajitokeza: 11.9 Hz badala ya 13.3. Mtu anayepima nguzo isiyo na mzigo ili ajue kutu imekula kiasi gani atadanganyika.

Lawama yangu kubwa kwa programu ni kwamba haikuonyi kuwa 48 kN ni ya nguzo iliyonyooka kabisa. Bomba halisi lina kombo na mkazo uliobaki kiwandani. Kwa Eurocode 3, kanuni za Ulaya za miundo ya chuma, mkunjo c wa mabomba yaliyokunjwa baridi, bomba lisiloliwa na kutu linabaki na takriban 36 kN, na hiyo ndiyo ninayoilinganisha na mzigo wa paa.