Barua ya bosi au ankara zako?

Mchomeleaji wa Changamwe anayetaka kutathminiwa ujuzi ili ahamie Australia, athibitishe kazi kwa lipi?

Barua ya mwajiri haina gharama na huaminika upesi, mradi itaje tarehe za kuanza na kumaliza, saa kwa wiki, kazi zenyewe na simu ya aliyesaini. “Ni fundi hodari” haisaidii. Majukumu yaliyonakiliwa neno kwa neno kutoka orodha ya kazi ya serikali ya Australia huzua shaka. Andika “alichomelea mageti na matangi”. Karakana ikifungwa, barua ni vigumu kuipata.

Aliyejiajiri hutegemea cheti cha biashara, ritani za KRA na ankara zinazolingana na taarifa ya M-Pesa. Kuzikusanya ni kazi ya miaka, lakini haimtegemei bosi. Uliyewahi kuajiriwa na pia kujiajiri, peleka barua na ankara.