Uzoefu wangu: kujitambulisha kwa kisa kifupi kwenye hafla za wafanyabiashara

Nauza mifuko ya kuhifadhia mahindi hapa Dodoma, ile isiyopitisha hewa ambayo wengi wanaiita kinga njaa. Biashara yangu inakwenda kwa kujuana na watu: wenye mashine za kusaga, viongozi wa vyama vya ushirika, na wale wanaonunua mahindi Kibaigwa wakayalaza kusubiri bei ipande. Kwa hiyo hafla za kukutanisha wafanyabiashara nahudhuria kila nikipata mwaliko. Mwaka jana nililipia mafunzo ya nusu siku ya namna ya kujitambulisha kwenye hafla hizo, ada shilingi 40,000, chai na chakula cha mchana humohumo. Nilichofundishwa nakitumia mpaka leo, na haya ndiyo maoni yangu.

Mafunzo yenyewe yalikuwa na jambo moja kubwa. Badala ya kuanza na jina, cheo na kampuni, unaanza na kisa kifupi cha kweli kilichokukuta wewe au mtu wako wa karibu, kisha kisa hicho kinakuingiza kwenye kazi yako. Anayezijua hafla zetu ataelewa kwa nini. Emsii anazungusha kipaza sauti meza kwa meza, kila mtu anasimama na kusema "naitwa fulani, ni mkurugenzi wa kampuni fulani, tunajishughulisha na usambazaji wa pembejeo". Kipaza sauti kikifika meza ya tatu watu wameshaanza kuangalia simu. Si kwamba wana dharau. Maneno "tunajishughulisha na" yanafanana mno, na hakuna picha ya kushika.

Mwalimu alitutaka kila mmoja aandike kisa chake kwenye karatasi. Changu kilihusu mama yangu, anayelima Kongwa. Nilichoandika mwanzo kilijaza ukurasa: mwaka ulikuwa wa mvua nzuri, tulivuna vizuri, tukakodi trekta la kubebea magunia, tukayapanga chumba cha nyuma, na ilipofika mwezi wa pili mama akafungua gunia akakuta dumuzi ameyamaliza. Mwalimu hakunisahihisha lugha. Aliuliza tu: "Katika haya yote, ni kitu gani ulikiona kwa macho yako?" Nikamwambia niliuona mkono wa mama ukitoka kwenye gunia ukiwa mweupe kwa ule unga wa dumuzi. Akasema basi kisa ni hicho, mengine yote futa.

Anayemjua dumuzi hahitaji kuelezwa zaidi. Ni mdudu mgeni, asili yake Amerika ya Kati, aliingia nchini kwa upande wa Tabora kwenye miaka ya mwisho ya 1970, na kuna wakulima wanaomwita Skania. Akitoboa punje anaacha unga mwingi, kiasi kwamba gunia linaonekana limejaa kwa nje huku ndani ni vumbi na makapi. Ule mkono mweupe unabeba habari hiyo yote bila mimi kuitamka. Trekta na mvua havibebi chochote.

Hapo ndipo likaja somo ambalo kwangu ndilo lililostahili ada yote. Tulisimuliana wawiliwawili. Nikamaliza kisa changu kwenye ule mkono mweupe, mwenzangu akanitazama kwa huruma akasema, "Pole sana ndugu yangu. Mama anaendeleaje?" Mwalimu alikuwa amesimama karibu, akasema hiyo ndiyo dalili. Ukisikia "pole", kisa chako kimeishia kwenye hasara. Sisi tumelelewa kumpa pole aliyepatwa na jambo, na pole ikishatoka mazungumzo yanakuwa ya kufarijiana, hayarudi tena kwenye kazi. Mtu hawezi kukuuliza bei ya mfuko wakati amekupa pole sasa hivi.

Dawa yake ni kukipeleka kisa hatua moja mbele, mpaka mahali mambo yalipobadilika. Mwaka uliofuata mama alitumia mifuko isiyopitisha hewa, na mwezi uleule wa pili tulikula makande ya mahindi mazima. Nilipoongeza sentensi hiyo, yule mwenzangu hakusema pole. Aliuliza, "Hakutia dawa kabisa?" Swali la namna hiyo ndilo linalotafutwa, kwa sababu linakufungulia mlango wa kueleza kazi yako na hapo ni msikilizaji mwenyewe aliyetaka.

Baada ya kupunguza na kuongeza, utambulisho wangu ukawa hivi, na ndio ninaoutumia mpaka sasa:

"Habari za jioni. Mama yangu analima Kongwa. Mwezi wa pili mmoja alifungua gunia la mahindi, akaingiza mkono, mkono ukatoka mweupe kwa unga wa dumuzi. Mavuno yaliyofuata akayatia kwenye mifuko isiyopitisha hewa, bila dawa, na mwezi wa pili tukala makande ya mahindi mazima. Mifuko hiyo ndiyo ninayouza hapa Dodoma. Naitwa fulani. Ningependa kukutana na yeyote anayelaza mahindi zaidi ya miezi mitatu."

Kwa mwendo wa kawaida wa kusema, hayo hayamalizi dakika. Angalia vitu viwili. Kwanza, salamu imebaki mwanzoni. Kwenye mafunzo kulikuwa na kijitabu kilichoshauri urushe kisa moja kwa moja bila utangulizi wowote. Kwa wenzetu huenda linafaa, lakini mbele ya watu wazima wa Dodoma ukianza kuzungumza bila salamu, wanabaki wanawaza umelelewa wapi, na kisa kinapita bila kusikika. Mwalimu mwenyewe alikubali hilo tulipolijadili. Pili, sentensi ya mwisho inamtaja mtu ninayemtaka. Bila hiyo watu watafurahia kisa halafu hawatajua wakufuate kwa lipi.

Baada ya chakula lilikuja zoezi ambalo hadi leo nalitumia kupima kisa chochote. Kila mtu alimtambulisha mwenzake kwa mtu wa tatu, bila karatasi. Mama mmoja anayeshona sare za shule alikuwa asubuhi ametupa kisa kizuri sana cha safari ya basi iliyoharibika usiku porini, na abiria mmoja aliyekuwa na sindano akawashonea watoto shuka. Wote tulikuwa tumekipenda. Lakini aliyemtambulisha mchana alisema, "Huyu ni mama aliyelala porini na basi." Sare hazikutajwa. Kisa kilikumbukwa, kazi ikapotea, kwa sababu ndani ya kisa chenyewe kazi haikuwamo ila sindano tu, tena ya mtu mwingine. Akakibadilisha, akaeleza mtoto wake alivyorudi shule na sare iliyofumuka kwapani wiki ya kwanza, naye akaifumua yote kuona ilivyoshonwa. Mara hii aliyemtambulisha alisema, "Huyu anashona sare zisizofumuka." Kisa kilikuwa cha kawaida kuliko cha basi, lakini kilimpeleka alikotaka kwenda.

Kwenye hafla zenyewe njia hii imenifaa hasa kwenye mzunguko wa kipaza sauti. Ukifika wakati wa chai, watu wanakuja wenyewe wakiuliza habari za gunia la mama. Mwenye mashine ya kusaga mmoja alinifuata akitaka kujua kama mahindi yakiwa mabichi kidogo yanaweza kufungwa. Nikamweleza kwamba hayawezi, yataota ukungu, na nikamwonyesha kipimo cha chumvi: unatia punje kwenye chupa kavu pamoja na chumvi iliyokaushwa, unatikisa, unaacha zitulie, chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yarudi juani. Mazungumzo hayo ndiyo yaliyonipa mteja. Kisa kilimleta tu, na kama ningekuwa sina jibu la chumvi angeondoka. Kwa hiyo ninapoandaa kisa naandaa pia majibu ya maswali matatu manne ambayo lazima yatafuata.

Kwenye mazungumzo ya kusimama, mtu na mtu, kisa kizima ni kirefu mno. Mwenzako ameshika sahani, anataka naye aseme. Hapo nakikata kiwe sentensi moja: "Nauza mifuko iliyookoa mahindi ya mama yangu kwa dumuzi." Akitaka mengine atauliza. Na mbele ya afisa wa serikali au meneja wa benki natanguliza jina na kampuni, kisha shughuli, kisa nakiweka akiba. Watu hao wanahitaji kwanza kujua wanaongea na nani, na ukiwazungusha na habari za gunia wanaona unawapotezea muda. Mzee naye anaanza na shikamoo yake, umwachie aulize kwenu wapi. Mara nyingi Kongwa inaingia hapo yenyewe.

Kuna jambo ambalo mafunzo hayakuligusa na ninaona ni pungufu kubwa: kisa kikimhusu mtu mwingine, ni chake pia. Kabla sijakitumia nilimpigia mama nikamsomea. Alikubali, ila aliomba nisitaje magunia yalikuwa mangapi, maana hapendi watu wa kijijini wajue alipoteza kiasi gani. Nimeheshimu hilo, na kisa hakijapungua nguvu. Najua watu wanaosimulia kwenye hafla madeni ya kaka zao au ugonjwa wa watoto wao ili wasikilizwe, na katika mji kama huu habari inamfikia mwenyewe kabla ya wiki kuisha. Mwalimu alipaswa kulisema hili mapema kabisa, kabla hatujashika kalamu.

Pungufu la pili ni muda. Saa nzima ya kwanza iliishia kwenye picha za ukutani kuhusu faida za kujuana, kitu ambacho kila aliyelipa alishakijua. Saa hiyo ingetumika kufanya mazoezi na kipaza sauti halisi. Kusimulia ukiwa umekaa na mwenzako si sawa na kusimama mbele ya ukumbi uliojaa, ambako sauti yako inakurudia na unaharakisha bila kujijua. Hayo nilijifunzia nyumbani kwa kujirekodi kwenye simu na kusikiliza wapi nakimbia. Mimi nilikuwa nakimbia palepale kwenye mkono mweupe, mahali ambapo ningepaswa kutulia kidogo.

Kwa mtu anayeuza kitu ambacho hasara au faida yake inaonekana kwa macho, kama chakula, ushonaji, ufundi au mifugo, ningemwambia alipie. Kwa mhasibu au wakili, ambaye visa vyake vingi ni siri za wateja, itabidi atafute kisa cha kwake binafsi, na hapo kazi ni ngumu zaidi. Tulikuwa na mhasibu mmoja darasani, na mpaka tunafunga hakuwa amepata chake. Mafunzo nayapa nyota nne kati ya tano. Wakirudi tena nitampeleka mdogo wangu anayefuga kuku wa mayai, mradi waanze na mazoezi na zile picha za ukutani waziache.