Marhamu ya Nta ya Nyuki na Mafuta ya Mwarobaini: Tunaitengeneza, Tunaipima, Tunaizuia Isiote Ukungu

Habari zenu, karibuni tena. Leo mezani nina vikopo viwili vya marhamu ya ngozi kavu. Kimoja nimetengeneza mimi. Cha pili ni picha tu hapa kwenye skrini, nimetumiwa na mtazamaji mmoja: mafuta mazuri ya rangi ya kijani, lakini juu yake kuna manyoya meupe yenye madoa meusi. Huo ni ukungu. Anauliza kwa nini umeota wakati ametumia mafuta na nta tupu. Nilimuuliza swali moja tu: majani uliyatia yakiwa mabichi? Akajibu ndiyo.

Jamani, ukungu unahitaji maji. Mafuta yenyewe hayana maji, nta haina maji. Kwa hiyo ukiona ukungu kwenye marhamu, jua kuna mahali maji yameingia, na kazi yetu leo ni kuyafukuza kila hatua.

Tuanze na majani. Natumia mwarobaini kwa sababu unapatikana karibu kila mtaa. Nisiwadanganye: kinacholainisha ngozi hapa hasa ni mafuta na nta. Jani linaongeza harufu yake na rangi, na wengi wetu tumelizoea tangu utotoni. Kama hupendi ule uchungu wa harufu, tumia rozimari kwa njia hii hii. Osha majani, yakung'ute, kisha yatandaze kivulini penye upepo, siyo juani. Yaache mpaka ukilifinya jani linavunjika kwa mlio. Likijikunja tu bila kuvunjika, bado.

Halafu kuna kipimo ambacho watu wengi hawakifanyi. Majani yaliyokauka yatie kwenye chupa ya kioo iliyo kavu, funga mfuniko, yaache yalale humo usiku kucha. Asubuhi tazama kuta za chupa kwa ndani. Ukiona hata mvuke mwembamba, maji bado yamo, yarudishe yakauke tena. Ninyi mnaoishi Tanga, Mombasa, Unguja, wakati wa masika msikiache kipimo hiki, maana hewa yenyewe ina unyevu na majani makavu yanaunyonya tena. Yapashe kidogo kwenye kikaango kikavu, moto mdogo kabisa, kabla tu ya kuyatia mafuta.

Mafuta: mimi nimechagua alizeti iliyosafishwa. Ni mepesi na hayana harufu kali. Ya nazi ni mazuri pia, ila kumbukeni yanayeyuka kwenye joto la nyuzi 24 au 25 hivi, kwa hiyo mwenye kuishi pwani atahitaji nta zaidi kidogo. Leo nimepima gramu 250 za alizeti. Majani nimeyaponda, nikajaza nusu ya chupa, nikamimina mafuta mpaka yakayafunika yote na kuzidi vidole viwili. Jani likichomoza juu ya mafuta, ukungu unaanzia hapo.

Sasa chupa inakaa ndani ya sufuria yenye maji ya moto, moto mdogo, saa mbili mpaka tatu. Maji yasichemke. Mafuta yawe ya moto wa kuvumilika, yasikaange majani; yakigeuka kahawia umepitiliza. Chupa naiacha wazi ili unyevu uliobaki utoke, na sufuria pia siifuniki, kwa sababu mvuke ukigonga mfuniko unadondoka kama mvua ndani ya mafuta yako. Kuna wanaoanika chupa juani kwa wiki kadhaa. Mimi siipendi njia hiyo. Jua linaharakisha mafuta kuchacha, na usiku chupa inapoa na kutoa jasho kwa ndani.

Chuja kwa kitambaa cha pamba kilicho kikavu. Kamua, lakini yale matone ya mwisho yenye matope usiyachanganye na mengine. Kisha mafuta yaache yatulie mpaka kesho. Ukikuta chini kuna tabaka la wingu-wingu au vitone vinavyoteleza peke yake, hayo ni maji na vumbi la majani. Mimina ya juu polepole, ya chini yaache. Bado una wasiwasi? Pasha kijiko kimoja cha mafuta motoni. Yakipasuka-pasuka kwa mlio, yana maji.

Mimi nimebaki na gramu 200 safi. Nta nimepima gramu 40, yaani sehemu moja ya nta kwa tano za mafuta. Tumieni mizani ya jikoni, vijiko vitawapotosha kwa sababu nta iliyokwanguliwa inajaa hewa. Nta nzuri inanukia asali, ni ya manjano au kahawia. Isiyonuka kitu, au yenye harufu ya mshumaa wa dukani, mimi siinunui, huenda imechanganywa na parafini.

Nta inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Iyeyusheni kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji, kamwe siyo juu ya moto wenyewe, inashika moto. Ikishayeyuka, tia mafuta yakiwa ya vuguvugu. Yakiwa baridi, nta inaganda papo hapo na kufanya vidonge. Chovya kijiko, kiache kipoe kabisa, gusa. Kigumu sana? Ongeza mafuta. Kinateleza? Ongeza gramu tano za nta. Kwa joto la Dar es Salaam nafika gramu 50. Kwa Njombe mwezi wa saba, 40 zinatosha kabisa.

Vikopo vichemsheni, kisha vikauke kabisa, pamoja na ule mzunguko wa ndani ya mfuniko ambapo tone hujificha. Futeni chini ya bakuli kabla ya kumimina, maana ndipo maji ya mvuke yanapodondokea. Mkishamimina, funikeni kwa kitambaa tu. Mfuniko unawekwa marhamu ikiwa baridi kabisa. Ukifunga ya moto, jasho linabaki ndani.

Wengi mnauliza kuhusu vitamini E. Inachelewesha mafuta kuchacha, lakini haiui ukungu. Na jeli ya alovera mbichi msitie humu kabisa, ni maji matupu, itajitenga na kuoza.

Matokeo sasa. Naipaka hapa kwenye kisigino, baada tu ya kuoga, ngozi ikiwa bado na umande, kwa sababu marhamu hii haiongezi maji, inayazuia yasitoke. Inalainika kwa joto la kidole, haivutiki sana. Kwa visigino, viwiko na mikono ya kufulia naipa alama za juu. Kwa uso ni nzito, sishauri. Jaribu kwanza ndani ya kiwiko, subiri siku nzima. Wapo ambao nta au mwarobaini vinawawasha. Watoto wachanga waepusheni, na msipake kwenye kidonda kibichi wala palipoungua.

Wakati wa kutumia, chota kwa kijiko kikavu. Kidole kilichotoka kwenye maji ndicho kinachoharibu vikopo vingi vilivyotengenezwa vizuri. Ikinuka kama mafuta ya kukaangia ya zamani, imechacha, haifai. Ukiona manyoya au madoa, usikwangue sehemu ya juu ukaendelea na ya chini. Dada yangu uliyenitumia picha, mwaga kikopo chote, na hicho kikopo ukichemshe kabla hujakitumia tena.